Chuma kimekaa sawa, mfupa haujaunga

Pita wodi ya mifupa ya hospitali yoyote kubwa, Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Kisumu, utawakuta wamelala mstari mzima, wengi wao vijana. Mmoja mguu umeinuliwa juu ya mito, mwingine amefungwa hogo hadi juu ya goti, na yule wa kando ya dirisha ana antena, vile vyuma vya nje vilivyochomekwa kwenye mfupa kupitia ngozi. Ukiuliza kilichowaleta, majibu hayapishani sana: bodaboda. Aliyekuwa anaendesha, aliyekuwa amepakiwa, au mpita njia aliyegongwa akivuka.

Siku ya kwanza kila mmoja wao aliulizwa maswali yale yale. Unaumwa kisukari? Una presha? Kuna dawa inayokudhuru? Unavuta sigara? Jibu la swali la mwisho huandikwa kwenye faili, na mara nyingi sana likishaandikwa huishia hapo. Dawa ya kuzuia maambukizi itatolewa kwa saa, kidonda kitaoshwa, chuma kitawekwa. Sigara inabaki kuwa tabia ya mgonjwa, jambo lake mwenyewe, wakati ushahidi wa zaidi ya miaka ishirini unaiweka kwenye kundi moja na uchafu ulioingia kidondani: kitu kinachoweza kuamua kama mguu huo utakanyaga tena.

Hapa nitashughulika zaidi na mfupa mmoja, wa muundi, kwa sababu ndio unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mingine.

Pitisha kidole chako kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo cha mguu, upande wa mbele. Unachokigusa njia nzima ni mfupa, na juu yake hakuna kitu ila ngozi. Paja lina nyama pande zote, muundi nyama yake iko nyuma na pembeni tu. Hilo lina maana mbili. Kwanza, ukivunjika kwa kishindo, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi, na mvunjiko uliotoboa ngozi ni mlango wazi kwa vijidudu vya barabarani. Pili, damu yake ni ya kubahatisha. Hupata sehemu kubwa kutoka mshipa unaopita ndani kwenye uboho, na nyingine kutoka kwenye utando unaoufunika mfupa na misuli inayoshikana nao. Ajali inayouvunja vipande vipande huukata ule mshipa wa ndani na kuuchana ule utando kwa wakati mmoja. Mfupa ambao hata kwa mtu mzima wa afya hauna damu ya kuchezea unabaki unategemea vimishipa vidogo vilivyosalia na vipya vitakavyoota.

Sasa tuangalie mfupa unavyounga. Damu iliyovuja kati ya ncha mbili huganda ndani ya saa chache, na pande hilo ndilo msingi wa kila kinachofuata. Ndani yake huingia seli za kinga kusafisha uchafu na tishu zilizokufa, kisha vimishipa vya damu huanza kupenya. Wiki ya pili na ya tatu pengo huanza kujazwa na tishu laini yenye gegedu, inayoshika ncha zisichezecheze sana. Kuanzia wiki ya nne hivi, seli zinazojenga mfupa huibadilisha tishu hiyo kuwa mfupa wenye madini, ule uvimbe mgumu unaoonekana kwenye eksirei kama wingu jeupe lililouzunguka mvunjiko. Mvunjiko wa muundi usiotoboa ngozi kwa kawaida huwa umeunga kati ya miezi mitatu na mitano. Uliotoboa ngozi huchukua zaidi. Kazi ya kuuchonga upya mfupa huo hadi urudi kwenye umbo lake huendelea kwa miaka.

Kila hatua kati ya hizo inataka oksijeni, na oksijeni husafiri kwa damu. Ndipo moshi unapoingilia.

Sigara moja inapowaka, vitu viwili vinaingia mwilini ambavyo mfupa uliovunjika unavihisi mara moja. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ile ile ambayo muundi uliovunjika unaitegemea. Kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye kitu kinachoungua, huingia kwenye damu na kuishika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Hemoglobini iliyoshikwa hivyo hupita mwilini ikiwa imebeba mzigo usio na faida. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksidi hiyo hutoka ndani ya saa nne hadi sita. Lakini anayewasha sigara kila baada ya saa moja au mbili haipi damu yake nafasi ya kujisafisha. Tangu asubuhi hadi anapolala, sehemu ya damu yake inazunguka bure.

Kuna na la tatu. Moshi una maelfu ya kemikali, na baadhi yake hudhoofisha seli zenyewe zinazojenga mfupa na zile za kinga zinazoua vijidudu. Seli za kujenga zikikosa oksijeni pale kwenye pengo, badala ya mfupa hutengeneza nyuzinyuzi za kovu. Kovu hilo linaweza kujaza pengo lote, likashika kidogo, na lisigeuke kuwa mfupa hata baada ya mwaka.

Ushahidi mzito zaidi kuhusu muundi ulitoka Marekani. Vituo vinane vikubwa vya majeruhi vilishirikiana kwenye utafiti ulioitwa LEAP, wa watu walioumia vibaya miguu, na mwaka 2005 zilichapishwa takwimu za wagonjwa 268 kati yao waliokuwa na mivunjiko ya muundi iliyotoboa ngozi. Waliokuwa wanavuta walikuwa na nafasi ya kuunga iliyopungua kwa asilimia 37 ukiwalinganisha na wasiovuta kamwe. Uwezekano wa kupata maambukizi ulikuwa zaidi ya mara mbili, na wa kupata maambukizi ndani ya mfupa wenyewe mara 3.7. Hayo ya ndani ya mfupa ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa dawa huyafikia kwa shida na usaha unaweza kutoka kwenye kitundu kidogo cha ngozi kwa miaka. Waliokuwa wameacha sigara kabla ya ajali nao hawakuwa sawa na wasiovuta, jambo ambalo nitalirudia.

Takwimu ni za kundi. Tumchukue kijana mmoja wa mfano tumfuate hatua kwa hatua.

Ana miaka 29, anaendesha bodaboda Dar es Salaam, anavuta sigara kumi kwa siku tangu alipokuwa na miaka 19. Hainunui pakiti, anachukua mojamoja kwenye kibanda kilicho jirani na kijiwe, kwa hiyo ukimwuliza anavuta kiasi gani atakwambia kidogo tu. Madaktari huhesabu kwa pakiti na miaka: pakiti moja yenye sigara 20 kila siku kwa mwaka mmoja ni kizio kimoja. Nusu pakiti kwa miaka kumi ni vizio vitano. Ndicho hicho anachokiita kidogo.

Gari dogo linamkata mbele kwenye makutano. Muundi wa kulia unavunjika katikati, ncha inatoka nje, kuna mchanga kwenye kidonda. Akifika hospitali anapewa dawa ya kuua vijidudu kwa sindano, na hii inatakiwa mapema iwezekanavyo, saa chache zikipita bila dawa hatari inapanda. Anaingizwa chumba cha upasuaji, kidonda kinafunguliwa zaidi na kuoshwa kwa maji mengi ya chumvi, tishu zilizokufa zinakatwa. Kisha mfupa unanyooshwa na kuwekewa chuma kirefu ndani ya uwazi wa uboho, kinachofungwa kwa skrubu juu na chini. Tanzania chuma kinachotumika sana ni cha SIGN, kilichobuniwa na daktari Mmarekani Lewis Zirkle kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji. Daktari hutafuta tundu la skrubu kwa kifaa cha kulenga na kwa mikono yake.

Siku ya pili anasikia hamu. Rafiki wa kijiweni amekuja na chapati na maji, na ndani ya mfuko kuna sigara tatu. Kijana anasukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi nyuma ya wodi. Kumbuka kinachoendelea mguuni saa hiyo. Pande la damu ndiyo kwanza limeganda, seli za kinga ndiyo kwanza zinaingia, mchanga uliobaki ndiyo kwanza unapambanwa nao. Hakuna siku mguu huo utakayohitaji damu yenye oksijeni kuliko siku hizo, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba alichokibeba rafiki yake kinahusika na kidonda.

Wiki ya sita anatembea na magongo. Wiki ya kumi na mbili anapigwa picha. Daktari anapoitazama anahesabu kuta nne za mfupa: mbele, nyuma, ndani na nje, mbili kwenye picha ya mbele na mbili kwenye picha ya ubavuni. Kuta tatu kati ya nne zikiwa zimevukwa na mfupa mpya, mfupa unahesabiwa kuwa umeunga. Kwa kijana wetu hakuna hata moja. Mstari wa mvunjiko bado mweusi, na ncha zake hazijawa na lile wingu.

Mwezi wa sita mazungumzo ya kliniki huwa kama hivi:

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Unaukanyaga?"

"Naukanyaga, ila unaniuma hapa katikati."

"Unauma umelala au ukitembea?"

"Nikitembea. Nikikaa unatulia."

"Na sigara?"

"Nimepunguza dokta. Tatu tu kwa siku."

Maumivu yale yale mahali pale pale kila akikanyaga, yanayotulia akikaa, ndiyo dalili ya mfupa usiounga. Joto, uvimbe unaorudi au tone la usaha kwenye kovu ni dalili kwamba kuna maambukizi pia, na hapo hali inakuwa nyingine kabisa. Kwa kawaida daktari husubiri hadi miezi tisa, na kama miezi mitatu ya mwisho picha hazijaonyesha maendeleo yoyote, hutamka kwamba mfupa umeshindwa kuunga wenyewe.

Watu wengi hujifariji kwamba chuma kipo. Chuma hakibebi mguu milele. Kila hatua hukipinda kidogo na kukirudisha, kama mtu anayeukunja waya na kuukunjua mahali pale pale hadi ukatike. Kazi yake ni kushikilia mpaka mfupa uchukue mzigo, na mfupa ukichelewa, skrubu huvunjika kwanza, kisha chuma chenyewe. Mgonjwa hurudi akidhani ameuziwa chuma kibovu. Kinachofuata ni upasuaji wa pili: kutoa kilichovunjika, kupanua uwazi wa uboho na kuweka chuma kinene zaidi, mara nyingine kuchota mfupa kutoka kwenye ukingo wa nyonga na kuupandikiza kwenye pengo. Ni miezi mingine bila kazi, pikipiki ya watu imeshapewa mtu mwingine, na marejesho yanadaiwa.

Kuna jambo la kwetu wenyewe linalonifanya nisilaumu chuma haraka. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilifanya jaribio kubwa la mivunjiko ya muundi iliyotoboa ngozi, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 240 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakawekewa chuma cha ndani na nusu antena. Kwa waliofuatiliwa mwaka mzima, kiasi cha waliohitaji kurudi chumba cha upasuaji kwa maambukizi ya ndani, mfupa kutounga au kuunga umepinda hakikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Jaribio hilo halikuhusu sigara. Ila kwa maoni yangu linatukumbusha kwamba ndugu wanaokesha wakijadili chuma gani ni bora wanajadili sehemu moja tu ya jambo, na sehemu nyingine ni mwili ambao chuma kimewekwa ndani yake.

Kabla ya ajali

Swali la haki ni kama sigara ilikuwa imeshaugusa mfupa kabla gari halijatokea. Kwa kijana wa miaka 29 aliyegongwa na gari, mfupa wowote ungevunjika. Lakini mfupa wake pengine haukuwa ule ambao angekuwa nao.

Mifupa huongeza madini hadi kwenye miaka ya mwisho ya ishirini hivi, inakaa hapo, kisha inaanza kupungua, kwa wanawake kwa kasi kubwa baada ya hedhi kukoma. Kinachowekwa akiba ujanani ndicho kinachotumika uzeeni. Utafiti wa Gothenburg, Uswidi, uliochapishwa mwaka 2007, ulipima vijana wa kiume zaidi ya elfu moja wenye umri wa kati ya miaka 18 na 20, na tayari kwa umri huo wavutaji walikuwa na madini machache na kuta nyembamba za mifupa.

Utafiti ninaoupenda zaidi kwenye eneo hili ni wa John Hopper na Ego Seeman, wa Melbourne, Australia, mwaka 1994. Kulinganisha mvutaji na asiyevuta kuna tatizo kubwa: mvutaji mara nyingi ni mwembamba zaidi, anakunywa pombe zaidi, anafanya mazoezi kidogo, na pengine kazaliwa kwenye ukoo wenye mifupa myepesi. Utajuaje ni sigara? Wao waliwatafuta mapacha wa kike jozi 41, mmoja akivuta kuliko mwenzake, waliozaliwa siku moja na kulelewa nyumba moja, wakapima mifupa yao. Kwa kila vizio kumi vya pakiti na miaka walivyopishana, pacha aliyevuta zaidi alikuwa na madini pungufu kwa asilimia mbili kwenye uti wa mgongo, na karibu asilimia moja kwenye shingo ya mfupa wa paja. Ni kiasi kidogo ukikisoma haraka. Lakini mwanamke anayevuta pakiti moja kwa siku utu uzima wake wote anafika umri wa kukoma hedhi akiwa na upungufu wa asilimia tano hadi kumi, halafu ndipo mteremko mkali unapoanza.

Sababu si moja. Sigara huvuruga estrojeni, homoni inayouzuia mwili usiule mfupa wake, na wanawake wanaovuta hufikia ukomo wa hedhi mapema kidogo kuliko wenzao. Utumbo wa mvutaji hufyonza kalsiamu kidogo zaidi. Seli za kujenga huzembea huku zile za kubomoa zikiendelea.

Mwaka 1997 watafiti wa London, Malcolm Law na Allan Hackshaw, walikusanya tafiti zilizokuwapo. Kabla ya ukomo wa hedhi tofauti kati ya wavutaji na wasiovuta ilikuwa ndogo sana. Baada ya hapo wavutaji walipoteza asilimia mbili zaidi kwa kila miaka kumi. Matokeo yake kwenye nyonga yalipanda kwa umri: kwa mwanamke wa miaka 60 hatari ya kuvunjika nyonga ilizidi kwa asilimia 17, kwa wa miaka 70 kwa asilimia 41, na kwa wa miaka 80 kwa asilimia 71.

Msomaji wa Afrika Mashariki atasema wanawake wetu hawavuti sana, na ni kweli. Uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku wa Tanzania wa mwaka 2018 ulikuta wanaume watumiaji asilimia 14.6 na wanawake asilimia 3.2. Basi suala hili kwetu ni la mzee wa kiume kuliko bibi, na mwanaume hana kinga. Uchambuzi wa John Kanis na wenzake mwaka 2005, uliojumlisha watu 59,232, wanaume kwa wanawake, ulikuta anayevuta ana hatari ya kuvunjika nyonga mara 1.84 ya asiyevuta. Walipoondoa mchango wa upungufu wa madini kwenye hesabu, hatari ilishuka hadi mara 1.6 tu. Maana yake sehemu kubwa ya hatari haionekani kwenye kipimo cha madini. Iko kwenye ubora wa mfupa ambao mashine haiuoni, na kwenye mwili mzima: misuli iliyopungua, mapafu yanayochoka, mtu anayeyumba akiinuka usiku kwenda chooni. Mzee mvutaji akiambiwa kipimo chake ni kizuri asichukue hilo kama kibali.

Kuacha siku ile ile

Nirudi wodini, kwa sababu hapo ndipo kuna kitu cha kufanya.

Dhana iliyoenea, hata kwa baadhi ya wahudumu, ni kwamba ukishavunjika umechelewa. Sigara ya miaka kumi haitafutwa na wiki mbili. Kwa madini ya mfupa ni kweli. Kwa kidonda na mishipa ya damu si kweli. Kaboni monoksidi karibu yote huwa imetoka ndani ya siku moja hivi. Nikotini nayo hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Mishipa iliyobanwa inaachia. Seli za kinga ndizo zinazochelewa, na kuchelewa kwake kulipimwa kwa njia ambayo ni nadra.

Copenhagen, Denmark, Lars Tue Sørensen na wenzake waliwachukua watu 78 wenye afya, 48 kati yao wavutaji, waliokubali kukatwa vidonda vidogo vya makusudi sehemu ya chini ya mgongo. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Kwa wavutaji, asilimia 12 ya vidonda viliingia vijidudu. Kwa wasiovuta kamwe asilimia mbili. Walioacha, kufikia wiki ya nne maambukizi yalikuwa yamepungua waziwazi. Na hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Baadhi ya walioacha walibandikwa plasta yenye nikotini na wengine plasta tupu, na vidonda vyao havikutofautiana.

Hilo ni muhimu kwa kijana wetu wa siku ya pili mwenye hamu. Nikotini kwa nadharia inabana mishipa, na kuna madaktari wanaoiogopa plasta kwa sababu hiyo. Lakini anayevuta anapata nikotini pamoja na kaboni monoksidi na maelfu ya kemikali za moshi, na ushahidi uliopo unaunyooshea kidole moshi zaidi. Waswidi waliwachunguza pia wanaume wanaotumia ugoro wa mdomoni, ambao walikatwa mfupa wa muundi kwa upasuaji wa kurekebisha goti. Wavutaji mifupa yao ilichelewa kuunga. Watumiaji wa ugoro haikuchelewa. Sisemi mtu aanze ugoro, kwa kuwa unaleta saratani ya kinywa na ni ugonjwa usiofaa kubadilishana na mwingine. Nasema tu kwamba mgonjwa akichagua kati ya plasta au bazoka ya nikotini ya duka la dawa kwa wiki chache na sigara nyuma ya wodi, chaguo liko wazi. Shisha si njia ya mchepuko: mkaa wake unatoa kaboni monoksidi nyingi. Moshi wa bangi nao unayo.

Stockholm walikwenda hatua moja mbele, wakajaribu kwa watu waliokwishavunjika. Wagonjwa 105 wanaovuta kila siku, walioingia kwa dharura kufanyiwa upasuaji wa mifupa iliyovunjika, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilianza mpango wa kuacha mara tu walipolazwa, kwa wiki sita: kikao kimoja au viwili na muuguzi, simu kila wiki, na dawa mbadala za nikotini bure. Kwenye kundi la kawaida asilimia 38 walipata tatizo lolote baada ya upasuaji, hasa kidonda kuingia vijidudu. Kwenye kundi la mpango, asilimia 20. Jaribio lilichapishwa mwaka 2010. Lilipima matatizo ya miezi ya mwanzo tu, halikufuata mfupa hadi ulipounga, kwa hiyo hatuwezi kulitumia kuahidi zaidi ya hapo. Lakini kwenye mvunjiko uliotoboa ngozi, kidonda kilichooza ndicho mwanzo wa mfupa usiounga.

Angalia gharama yake. Muuguzi mmoja, simu sita, plasta za duka la dawa. Plasta hizo kwetu hupatikana zaidi miji mikubwa na bei yake si ya kila mtu, ila simu na kikao hazihitaji mfadhili.

Maswali ya kikao hicho yanajulikana. La kwanza ni baada ya dakika ngapi tangu aamke huwasha sigara ya kwanza. Anayewasha ndani ya nusu saa ana utegemezi mkubwa na hamu itamshika vibaya siku tatu za kwanza; huyo ndiye wa kupewa plasta, na mwenye kuvuta zaidi ya sigara kumi kwa siku kwa kawaida huanza na ile ya miligramu 21. La pili ni nani anayemletea. Nimeshaona ndugu wanaogawana zamu za uji na dawa kwa nidhamu kubwa, wakati zamu ya sigara inafanywa na rafiki ambaye hakuna aliyemweleza. Akielezwa, mara nyingi anaacha kuzileta bila ugomvi, kwa kuwa alikuwa anafanya wema. La tatu ni kuhusu siku ya kuruhusiwa: anarudi nyumbani au anarudi kijiweni? Wiki ya nne hadi ya kumi na mbili, wakati gegedu inageuka mfupa, wengi wanakuwa wameshaanza kushinda kijiweni na magongo yao, na kibanda kiko palepale.

Yule aliyesema amepunguza hadi tatu hakudanganya, na pengine alijitahidi sana. Mipango iliyopunguza matatizo Copenhagen na Stockholm ililenga kuacha kabisa kwa wiki nne hadi sita. Ni bora mgonjwa apewe tarehe hizo mbili, ya kuanza na ya kumaliza, ziandikwe kwenye kadi ya kliniki karibu na tarehe ya eksirei, kuliko kuambiwa apunguze.

Kuacha hakurudishi kila kitu. Kwenye ule utafiti wa LEAP, waliokuwa wameacha kabla ya ajali walikuwa bado na nafasi ya kuunga iliyopungua kwa asilimia 32, na hatari ya maambukizi ya mfupa mara 2.8. Madini yaliyopotea hayarudi yote, na hatari ya nyonga hushuka taratibu, kwa miaka. Tena, kuna wasiovuta kamwe ambao mifupa yao inagoma kuunga kwa sababu ya kisukari, lishe duni, pengo kubwa mno au kidonda kilichochafuka kupita kiasi. Asiyeunga asihukumiwe kuwa anavuta kwa siri.

Kwa upasuaji unaopangwa, kama ule wa pili wa kuupandikiza mfupa, kuna nafasi ambayo ajali haitoi. Tarehe inajulikana mapema. Madaktari wengi huomba mgonjwa aache angalau wiki nne kabla ya kisu na aendelee hadi picha zionyeshe kuta zimeshikana. Kwa kijana wetu ambaye amefika mwezi wa tisa bila kuunga na amepewa tarehe ya kuchotwa mfupa nyonga, wiki hizo nne zinaanza siku anapotoka kliniki na karatasi ya tarehe mkononi.